Salamu Ambayo Hatsue Hakupewa

Mama, mimi sikukataa kumsalimia mtu.

Wartini aliandika sentensi hiyo, akaifuta, akaiandika tena vilevile. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Theluji ilikuwa imelala juu ya paa la bweni na sanduku lake lilikuwa mlangoni, limeshafungwa kamba. Kesho yake angepanda ndege kurudi kwao Indramayu, mkataba wake haujafika hata nusu. Na kabla hajafika, jina lake lilikuwa limeshafika, tena limechafuliwa. Dalali aliyempeleka Japani alikwenda hadi nyumbani kwao, akavuta kiti, akanywa kahawa ya watu, kisha akamwandikia mama yake kwenye karatasi, maana mama yule masikio yalimfia zamani kwa homa: mwanao anarudishwa kwa utovu wa adabu, amegoma kutoa salamu ya kazini.

Mama akatuma barua pepe ya mstari mmoja. "Salamu gani hiyo iliyokushinda, mwanangu? Sikukulea hivyo."

Ndivyo waajiri wanavyofanya. Hawamfukuzi mtu kwa sababu ya alilolisema. Wanamtafutia kosa dogo la nyumbani, kosa la kumwaibisha mama mzazi, ili hata huko aendako asipate wa kumsikiliza. Wartini alikaa na simu yake kitandani, blanketi mabegani, akaanza kueleza.

"Mama, salamu yenyewe ni otsukaresama. Iseme polepole, midomo yako itaijua. Katikati yake kuna uchovu. Uchovu wa kawaida tu, huu wa miguu na mgongo. Mbele ya huo uchovu wameweka kipande cha heshima, na nyuma yake wameweka kingine kikubwa zaidi, kile wanachomwekea mteja na hata miungu yao. Kwa hiyo ukiambiwa neno hili ni kama umeambiwa: uchovu wako ni mheshimiwa, na mimi nimeuona.

"Si la kila mtu. Mnunuzi aliyekuja kuchukua maboksi haambiwi, yeye hakuchoka pamoja nasi. Asubuhi ukiingia kazini hulisemi, kuna salamu ya asubuhi, na hiyo hutolewa hata kama zamu yako inaanza jua likizama. Lakini mchana ukipishana na mwenzako kwenye korido amebeba ndoo, unamwambia. Wa ofisini wakipigiana simu wao kwa wao, ndilo wanaloanzia. Wakienda kunywa bia, ndilo wanalogonganishia glasi. Ila mahali pake hasa ni mlangoni, jioni. Anayeondoka hasemi kwaheri. Anasimama, anainama, anasema: niwieni radhi, nawatangulia. Anaomba radhi, Mama, kwa kwenda kupumzika wakati wengine bado wamesimama. Nao wanaobaki wanamjibu: otsukaresama deshita, kazi yako imekwisha na tumeiona. Hapo ndipo mtu anapokuwa ameachiliwa. Kabla ya hapo bado ni wa kazi, hata kama kadi yake imeshagongwa."

Aliyemfundisha yote hayo alikuwa Kumagai Hatsue.

Hatsue alikuwa mama wa makamo ya juu, mfupi, mwenye mikono iliyopasuka kwa maji ya chumvi, na alikuwa amepasua vibua kwenye kiwanda kile cha bandarini tangu bintiye akiwa shuleni. Juma la kwanza Wartini alikuwa na hamu ya kumpendeza Utsumi, nyapara wa sehemu yao. Kila jioni alimsikia Utsumi akipita mbele ya mstari wa wanawake akisema gokurosama, gokurosama, bila kumtazama mtu. Basi siku moja Utsumi akiondoka, Wartini akainama vizuri kabisa akamrudishia neno lake lilelile. Visu vilisimama. Mtu mmoja alikohoa. Utsumi alimkodolea macho, akaenda zake. Hatsue akamvuta mkono hadi nyuma ya mapipa.

"Tini-san," alimwita kwa kifupi na kwa heshima ya kwao, "hebu njoo. Umemwambia nini yule?"

"Nimemwambia anachotuambia yeye."

"Ala! Kumbe umempa pole ya kibarua! Hilo neno linashuka tu, halipandi. Bwana kwa mtumishi, jemadari kwa askari. Poleni kwa taabu, haya potea. Umemsimamisha nyapara mbele yako kama kijana wa kufagia!" Hatsue alicheka hadi akashika tumbo. "Nimeishi hadi leo, kitu kitamu hivyo sijakisikia."

"Sasa mimi nimwambie nini?"

"Yeye, sisi, dereva wa mashine, wote waambie otsukaresama. Hilo halina juu wala chini. Mabosi vijana siku hizi wanalisema kwa watu wote. Huyu wetu wa zamani, ataoza nalo kooni."

Tangu siku ile jioni zao zilikuwa na mchezo wao. Hatsue ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka, kwa sababu mume wake alikuwa kitandani na asingeweza kujigeuza. Nyumba yao ilikuwa juu tu ya kilima, naye alikwenda na baiskeli vilevile na aproni yake na mabuti ya mpira. Akifika mlangoni huinama, husema nawatangulia, wenzake humjibu kwa pamoja, naye hugeuka akainama mara ya pili, kwa ajili ya Wartini peke yake, akingoja kuona kama mtoto wa watu amelitamka sawasawa. Akilipatia, Hatsue hunyanyua kidole gumba. Akilikosea, hutikisa kichwa kwa huzuni ya uongo, kama mtu aliyeona samaki ameharibika.

Siku ile ya Februari vibua vilishuka vingi na theluji ilikuwa inatishia. Kengele ya mwisho ilipolia watu walitaka kuondoka kabla barabara haijafungwa. Zamu ya kuosha sakafu ilikuwa ya Wartini, basi alisimama na mpira wa maji pale pale mlangoni, na kila aliyepita aliomba radhi, naye akamjibu. Walipita makundi makundi, kofia zimeshushwa, wakichekeshana juu ya theluji. Hatsue hakupita. Wartini aliwaza kwamba huenda leo ameitwa mapema kwa mgonjwa wake. Alimaliza sakafu, akamjibu Utsumi mwenyewe, akaenda bweni.

Asubuhi dereva wa mashine ya kunyanyulia maboksi alifungua chumba cha baridi kilicho ng'ambo ya uwanja akamkuta Hatsue chini, karibu na maboksi, glavu mikononi. Aliteleza kwenye barafu akajipiga kisogo. Daktari alisema hakufa papo hapo. Baridi ndiyo iliyommalizia.

Nani alimtuma mle? Mtu hajitumi kupanga maboksi baada ya kengele kwa kupenda baridi. Lakini Utsumi alisema hakumtuma. Alisema kadi yake ilikuwa imegongwa pamoja na za wenzake, alikuwa ameshaaga na kuondoka, basi kama alirudi alirudi kwa shughuli zake. "Alikuwa na paka," alisema Utsumi kwa sauti ya upole. "Alipenda kuomba vichwa vya samaki. Masikini, labda alikuja kuchukua."

Sikilizeni vizuri jinsi neno hilo "masikini" linavyofanya kazi. Kiwanda kile kilishawahi kumeza vidole vya fundi mmoja wa msumeno, na mwaka ule walisema alikunywa pombe. Kilishawahi kuvunja mgongo wa mama mmoja wa maboksi, wakasema ni mgongo wa kuzaliwa nao. Kila mara walisema kwa upole, kila mara na "masikini" mbele. Aliyekufa kazini ana haki: familia yake hupewa fidia, na jina lake huandikwa kwamba alikufa akiwa anafanya kazi. Aliyerudi kudokoa vichwa vya samaki hana kitu, na jina lake huandikwa vingine.

Usiku wa kumuaga marehemu, picha ya Hatsue iliwekwa katikati ya maua, na jeneza lilikuwa chini yake. Wanawake wa sehemu yao walikwenda wote wamevaa nyeusi. Mmoja mmoja walisogea, wakaweka ubani, wakaunganisha viganja. Wartini, ambaye dini yake ilikuwa nyingine, alisimama kando akainamisha kichwa akamsomea yake kimoyomoyo.

Zamu ilipomfikia Oikawa, mkubwa wao wote, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bandari, alishindwa kujizuia.

"Hatsue-san," alimwambia yule wa kwenye picha, "jioni ile tulikwambia otsukaresama kama siku zote. Hatukujua kama ndiyo ya mwisho."

"Kweli," mwingine akasema nyuma yake, analia. "Na aligeuka akainama mara mbili, kama kawaida yake."

"Alikuwa na kitambaa kile cha buluu."

"Alituambia tujihadhari na barabara."

Wartini aliinua kichwa. Aliwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mwongo, akamkosa. Walikuwa wanalia machozi ya kweli. Walipotafuta jioni ile kichwani walizipata jioni nyingine zote, miaka na miaka ya jioni, Hatsue mlangoni, Hatsue anainama. Na nani kati yao angekubali kufikiri kwamba alimwacha mwenzake aondoke bila salamu? Huko kwao hilo ni kama kumfungia mtu mlango usoni. Basi walimpa salamu yake pale pale, mbele ya maua, wakairudisha nyuma hadi jioni ile.

Chigusa, binti wa Hatsue, aliwasogelea. Alikuwa mwanamke wa kimya, amefanana na mama yake kwa paji la uso tu. Alikuwa amemwacha baba yake mgonjwa na jirani.

"Niambieni jambo moja tu," alisema. "Utsumi-san anasema mama alitoka kisha akarudi. Je, mama aliwaaga?"

Oikawa alimshika mikono yote miwili. "Aliaga vizuri, mwanangu. Usihangaike. Tulimpa salamu zake zote, aliondoka nazo."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Walidhani wanamfariji. Chigusa alishukuru, akainama, na Wartini aliyekuwa kando aliona mabega ya yule binti yanashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo asiotaka kutuliwa. Kwa maana kama mama aliaga, basi mama aliondoka. Na kama aliondoka, basi alirudi kuiba.

Siku chache baadaye, kwenye paredi ya asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, Utsumi alisimama mbele yao, kofia mkononi.

"Mkaguzi wa kazi anakuja. Atawauliza mmoja mmoja. Kadi hazitamtosha, kwa sababu mnajua mimi huzigonga zote kwa pamoja, kuwaondolea usumbufu. Kwa hiyo atataka kujua nani alimwona Kumagai-san akiondoka. Ninyi semeni ukweli tu. Aliaga, mkamwambia otsukaresama. Hata mimi nilimwambia. Nilikuwa kwenye ngazi ya ofisi, nikamwambia: otsukaresama deshita."

Wanawake wawili walitazamana haraka, wakatazama chini.

Miaka yote hiyo hakuwahi kumpa, Wartini alifikiri, na sasa kampa. Ilibidi afe kwanza.

"Sivyo?" Utsumi aliuliza.

"Ndivyo," walijibu kwa pamoja. Sauti ya Wartini haikuwemo, na Utsumi aliikosa. Nyapara hasikii wanaosema. Anasikia asiyesema.

Saa ya chakula alimwita kwenye ngazi. "Tini-san, Kijapani chako bado kichanga. Ukichanganya maneno mbele ya mkaguzi utawaaibisha wenzako. Wewe sema tu: nilimwambia. Ni salamu tu. Hata mtoto anaisema."

"Na kama sikumwambia?"

"Unaosha sakafu, maji yanapiga kelele, utajuaje?" Alitabasamu. "Mkataba wako unaangaliwa mwezi wa tatu, eti?"

Wartini alimkuta Oikawa kwenye chumba cha chakula, mbele ya sanduku lake la wali na kipande cha samaki chumvi. Akaketi karibu.

"Mama Oikawa, jioni ile nilikuwa mlangoni. Nilimjibu kila mtu. Wewe ulinipita na Chiba-san, mkicheka habari ya matairi yake. Hatsue-san hakupita."

Oikawa aliacha vijiti. "Unasema tulimwacha mwenzetu atoke kimya kimya kama paka?"

"Hapana. Nasema hakutoka."

"Mtoto wewe! Nimefanya naye kazi wewe hujazaliwa. Nilikaa naye tukipasua samaki mimba ikiwa inanipiga mateke. Unafikiri naweza kumsahau mlangoni?"

"Sisemi umemsahau. Nasema umemwona siku nyingi mno, umeiongeza na hiyo."

"Sasa sote ni waongo, mkweli ni wewe uliyekuja juzi?"

"Ninyi mnalisema neno lile kama mnavyopumua," Wartini alisema. "Nani anakumbuka pumzi ya juzi? Mimi sipumui hivyo. Mimi naliogopa. Tangu kengele inapolia naliweka mdomoni tayari, naangalia nani anakuja, nisije nikamruka mtu, nisije nikalikosea. Na yeye nilikuwa namngoja zaidi ya wote."

Oikawa alifunga sanduku lake, chakula kingali ndani. "Usiseme hivyo mbele ya Chigusa. Unasikia? Tumeshamwambia mama yake aliondoka na salamu. Unataka kumnyang'anya hata hilo?"

Akaondoka. Na kwa sababu alikuwa anaondoka, mdomo wake uliomba radhi wenyewe, naye Wartini, bila kutaka, akamjibu.

Mkaguzi alikuwa mwanamume wa umri wa kati mwenye mafua, aliyeita watu mmoja mmoja kwenye chumba cha mikutano. Wanawake wote waliomtangulia Wartini walitoka macho mekundu. Alipoingia, mkaguzi alimsukumia kikombe cha chai.

"Je, ulisikia Kumagai-san akiaga?"

"Hakuaga."

Mkaguzi aliinua macho. "Wenzako wote wanasema aliaga."

"Wanasema kweli ya siku nyingine."

"Sikuelewa."

"Wanasema alivyoaga siku zote. Jioni ile hakuna aliyemwambia otsukaresama, kwa sababu hakupita. Mimi nilikuwa mlangoni."

"Maji yalikuwa yanapiga kelele, nimeambiwa."

"Kila aliyepita niliufinya mpira nikainama. Huwezi kuinama huku unamwagia mtu maji miguuni."

Mkaguzi karibu acheke, akajizuia. "Kuna mlango mwingine? Wa ofisi?"

"Huo si mlango wetu."

"Na je, yawezekana kwamba aliondoka bila kuaga? Alikuwa na mgonjwa, pengine alikuwa na haraka."

Wartini alikiweka kikombe chini. "Bwana, ningekuuliza wewe. Wewe ni mtu wa hapa. Umeshawahi kuondoka kazini ukawapita wenzako wamesimama, usiwaambie nawatangulia? Hata siku moja, hata ukiumwa?"

Mkaguzi alipenga kamasi. Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu.

Mwezi wa pili ukaisha, jibu likaja. Chigusa ndiye aliyemwonyesha Wartini, wamesimama kwenye banda la baiskeli. Ushahidi wa wenzake wengi ulikubaliana kwamba marehemu alikwisha kuaga na kuondoka kazini. Shahidi mmoja alisema tofauti, lakini ni mgeni, na mazingira yalikuwa na kelele. Kifo hakikutokana na kazi.

"Wao walinipenda," Chigusa alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilitisha zaidi. "Walitaka nisilie. Ningewauliza vingine labda wangejibu vingine." Aliikunja karatasi. "Nitakata rufaa. Utasema tena?"

"Nitasema. Lakini watakuwa wameshanirudisha kwetu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa tatu Utsumi alimwambia kwamba mkataba hautaendelea, sababu ni mwenendo, anavuruga umoja wa sehemu, haitikii salamu pamoja na wenzake.

Ijumaa ilikuwa jioni yake ya mwisho. Wartini alivua aproni, akaosha kisu chake, akasimama mlangoni. Alikuwa amejiandaa kwa kimya. Alikuwa amejiambia kwamba watamgeuzia migongo naye atatoka kichwa juu. Akainama, akasema nawatangulia.

Wakamjibu. Kwa pamoja, kwa sauti kubwa, vizuri kabisa, visu mikononi, kama walivyomjibu kila jioni na kama watakavyomjibu atakayekuja baada yake. Hakuna aliyekusudia wema wala ubaya. Utsumi, kutoka kwenye ngazi, alitupa gokurosama yake bila kuangalia. Wartini alitoka. Kimya angekistahimili. Lakini alipewa salamu nzima, na ndani ya salamu hiyo hamkuwa na mtu.

Alikuwa amefika getini aliposikia mabuti yanakuja kwenye theluji. Alikuwa Oikawa, hana kofia, mikono mitupu. Alisimama mbele yake akihema.

"Mle ndani mimi sikusema," Oikawa alisema. "Umenisikia? Sauti yangu ni kubwa, ungenisikia."

"Sikukusikia."

"Siwezi tena. Tangu uliponiambia yale mambo ya kupumua. Kila nikitaka kulisema, kwanza naangalia nani hayupo." Alijipangusa pua kwa mkono wa aproni. "Nimekaa nimetafuta, Tini-san. Usiku kucha. Nimetafuta kitambaa cha buluu, kumbe cha buluu alikivaa mwaka jana. Jioni ile simwoni. Namwona Chiba na matairi yake, nakuona wewe na mpira. Yeye simwoni."

"Basi mwambie Chigusa. Kuna rufaa."

Oikawa aligeuka akatazama kiwanda. Taa za chumba cha baridi zilikuwa zinawaka.

"Wewe unakwenda," alisema. "Mimi nabaki na hawa. Nikisema sikumwona, nimewaita wenzangu sita waongo, na mimi wa saba, mbele ya picha yake tulisema. Mume wangu anafanya kazi kwenye boti zao. Mwanangu pia."

"Mama Oikawa."

"Sijui. Usiniulize leo." Alifungua mdomo kana kwamba angesema kitu kingine, neno lile lililo la mlangoni, na Wartini aliona jinsi lilivyokuja na jinsi lilivyokwama. Mwishowe Oikawa alimgusa bega tu, mkono unanuka samaki, akarudi ndani.

Wartini aliyaandika hayo yote kwa mama yake, Jumapili ile asubuhi, vidole vikimuuma kwa baridi, na alipofika kwa Oikawa hakujua aandike nini tena. Chigusa alikuwa ameichukua anwani yake ya barua pepe. Oikawa hakuichukua.

"Kwa hiyo, Mama," aliandika, "dalali akija tena, mpe karatasi, mwambie aandike jina la Kumagai Hatsue, na mahali alipofia. Akikataa kuliandika, basi aandike kahawa yetu aliinywa kwa kazi gani. Adabu ulinifundisha, na nilikuwa nayo. Salamu ile niliitoa kwa kila aliyepita. Sikuweza kumpa ambaye hakupita, na hilo ndilo kosa langu lote.

"Nikifika usinikusanyie watu. Nitataka kulala."

Akatuma. Kisha akakaa kando ya sanduku lake, koti limeshafungwa vifungo, ingawa gari la uwanja wa ndege lingekuja kesho.